Tupeane uzoefu: roboti ya gridi ilikulipa soko likirenji, likabreki, ukabaki na mzigo gani?

MwanaSakina (mwanzisha mada)
Wadau, naanza na yangu ili wengine mfunguke. Niko Arusha, nina kibanda cha vifaa vya simu Sakina. Katikati ya Juni 2024 niliwasha roboti ya gridi, ile inayonunua kila bei ikishuka ngazi na kuuza ikipanda ngazi. Ilikuwa ya spoti, yaani unanunua sarafu zenyewe bila mkopo, kwenye ETH/USDT bei ikiwa 3,400. Chini niliweka 3,000, juu 3,800, na kila ngazi ilipishana na mwenzake kwa dola 100. Kila oda ilikuwa ETH 0.05. Kwa kuanzia ikaninunulia ETH 0.2 za kuuza bei ikipanda, na ikatenga USDT 630 za kununua bei ikishuka. Jumla USDT 1,310, karibu milioni tatu na nusu za kwetu.

Ikawa inalipa. Mzunguko mmoja wa kununua na kuuza uliniachia dola 4.66 baada ya makato. Julai 5 bei ikatoboa chini hadi 2,800 na kitu, nikakosa usingizi, lakini ikarudi juu ya 3,400 na roboti ikaendelea. Hapo ndipo nilipoharibikiwa kichwa, maana niliamini kila ikishuka lazima irudi. Kufikia mwisho wa Julai nilikuwa na mizunguko 24, faida dola 112, nikamwambia mke wangu ada ya muhula imepatikana.

Jumatatu ya Agosti 5 naamka, ETH iko 2,200. Oda zote za kununua zimejaa, nimeshika ETH 0.4 kwa wastani wa 3,275. Thamani yake dola 880. Kwenye skrini `Grid Profit` bado imeandikwa +112 kwa kijani. Hiyo huhesabu mizunguko iliyokamilika tu. `Total PnL`, inayohesabu na mzigo ulioshika, ilikuwa -318, na wiki zote saba nilikuwa siitazami.

KijanaSoweto_Moshi
Pole mkuu, ila kwa spoti hujapoteza mpaka uuze. Sarafu zako zipo, hakuna wa kukuunguzia akaunti. Subira tu. ETH hiyohiyo Novemba 2024 ilipita 3,300. Aliyekaa kimya roboti ilimuuzia mzigo wote wa chini kwa faida.

MzeeUsaRiver
Kijana, kwa ETH ya mwaka ule umesema kweli, nami sikupingi. Lakini hela ilifungwa miezi mitatu, na ada ya shule haisubiri miezi mitatu. Na aliyeona imerudi, akaiacha roboti ileile iendelee na mipaka ileile, Aprili 2025 ETH ilikuwa chini ya 1,500. Kuna sarafu ndogondogo nyingi ambazo watu waliziwekea gridi mwaka huohuo na hazijarudi kabisa. Subira inategemea umeshika nini.

MwanaSakina, ngoja nikuonyeshe ninavyopiga hesabu kabla ya kuwasha. Tuseme ungeweka kikomo cha hasara 2,880, asilimia 4 chini ya ngazi ya mwisho. ETH 0.4 kwa bei hiyo ni 1,152, umetoa 1,310, hasara 158. Gawanya kwa 4.66: mizunguko 34. Wewe ulipata mizunguko 24 kwa wiki saba. Maana yake kuvunjika kwa renji mara moja tu, tena ukiwa na nidhamu ya kutoka mapema, kunakula kazi ya wiki kumi. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kama renji hii ina wiki kumi zilizobaki ndani yake. Wewe uliingia imeshakaa tangu Aprili.

Na angalia inavyonunua. Kila bei ikishuka ngazi, inakuongezea mzigo. Bei inapovunja sakafu ndipo unapokuwa umeshika mwingi kuliko siku nyingine yoyote, na huna hata dola moja ya kununulia huko chini. Ikivunja juu ni kinyume chake, imeshauza zote.

MamaKiborloni
Hilo la juu ndilo lililonikuta mimi, na hakuna anayelisema. Yangu ilivunja kwenda juu. Nilianza na mtaji na bei kama za MwanaSakina. Zile 0.2 ziliuzwa kwa 3,500, 3,600, 3,700 na 3,800, faida dola 50 na vimizunguko vichache. Ningenunua ETH kwa hela yote nikakaa nayo tangu 3,400, pale kwenye 3,800 ningekuwa na dola 150 na zaidi, na bado ninayo ikiendelea kupanda. Sikupata hasara, nakubali. Ila nilikasirika, nikawasha gridi mpya juu zaidi, na hiyo ya pili ndiyo iliyonibebesha mzigo bei iliposhuka. Sokoni kwetu ukimaliza marobota ya mitumba mapema hukimbilii kununua mengine kwa bei ya kilele, lakini mbele ya simu nilisahau.

Fundi_Majengo
Samahani wakuu, mimi nauliza hivi: hapa Moshi umeme ukikatika, roboti si inasimama? Naona ndiyo sababu ya hasara, haikuwepo kuuza wakati bei inashuka.

MzeeUsaRiver
Hapana fundi. Ya kwao inaendeshwa kwenye kompyuta za soko lenyewe, simu yako hata ikizima inaendelea. Inayosimama ni ile ya programu ya MT5 uliyoweka kwenye laptopu yako nyumbani. Na hata ingekuwa macho, gridi haiuzi bei ikishuka, inanunua.

Ngaramtoni_FX
Afadhali mmetaja MT5. Yangu ni dhahabu, gridi ya kuuza. Desemba 2023 hadi Februari 2024 XAUUSD siku nyingi ilizungukazunguka kati ya 2,000 na 2,080, nikaweka iuze loti 0.01 kila dola 10 kuanzia 2,060. Akaunti dola 600. Wiki ya kwanza ya Machi ikabreki na haikugeuka nyuma. Ilipofika 2,160 nilikuwa na oda kumi wazi, hasara 100 na 90 na 80 hadi 10, jumla 550. Dola chache juu yake akaunti ikaungua. KijanaSoweto, huku hakuna kusubiri irudi, maana hela ya kusubiria ndiyo inayoisha.

KijanaSoweto_Moshi
Hapo sawa, mimi nilisema spoti tu. Lakini nina swali kwa Mzee. Shikamoo. Kikomo chako cha 2,880 kingeguswa Julai 5, MwanaSakina angetolewa kwa hasara ya 158 halafu bei ikarudi bila yeye.

MzeeUsaRiver
Marahaba. Ni kweli, kingeguswa. Ndiyo maana mimi siku hizi nasubiri kendo ya siku ifunge chini ya kikomo, yaani bei ya mwisho wa siku, siangalii mkia wa bei iliyogusa chini tu ikarudi. Julai hakuna siku iliyofunga chini ya 2,880.

MwanaSakina
Mzee, nimerudi kwenye chati. Kwa kanuni yako ningetoka Agosti 4, na siku hiyo ilifunga karibu na 2,700. Hasara ingekuwa dola 230 badala ya 158. Kwa hiyo kusubiri kendo kungeniokoa Julai na kunigharimu 70 zaidi Agosti.

MzeeUsaRiver
Ndivyo. Sijapata namna ya kukwepa vyote viwili. Ninachofanya ni kupunguza ukubwa wa oda ili hiyo 230 isiwe ada ya mtoto.

MamaKiborloni
MwanaSakina, hujasema ulifanya nini na zile 0.4.

MwanaSakina
Niliuza nusu Agosti kwa 2,450, ada ikalipwa. Nusu niliibakiza, ikatoka Novemba kwa 3,300. Roboti niliizima na sijaiwasha tena kwenye ETH. Aliyewahi kuweka kikomo kikaguswa kweli, atueleze alitoka kwa bei gani.