MREJESHO: Picha za harusi ya dada, preseti moja inaharibu nusu

Niliuliza hivi: "Nina picha 380 za harusi, nikipiga preseti moja Lightroom za nje zinapendeza ila za ukumbini watu wanakuwa wa chungwa, nifanyeje?"

Wakuu nimerudi, asanteni sana. Aliyesema niifungue upya preseti nitoe tiki kwenye `White Balance` na `Exposure` ndiye kaniokoa, kumbe niliitengeneza kwenye picha ya asubuhi hapa Raskazone kwahiyo ilikuwa inabeba joto la jua la nje mpaka ukumbini kwenye taa za njano. Nikaacha kontrasti na rangi tu, nikaipiga zote. Halafu nikagawa mafungu kwa mwanga, kila fungu nachukua picha moja naichovya ile pipeti kwenye kanzu nyeupe (isiyoungua mwanga), ya ukumbini `Temp` ikashuka mpaka 3100, kisha `Sync` hiyo White Balance peke yake kwa wenzake. `Exposure` nimegusa moja moja, jioni mbili zimeisha.

Palipogoma ni chini ya turubai la bluu. Nikipasha `Temp` nyuso zinarudi, ila waliosimama juani nyuma wanakuwa njano, nimepaka brashi nyusoni tu kwa picha 12, zingine nimekata tamaa nimezifanya nyeusi na nyeupe. Na za simu ya shangazi ni JPEG, zimeboreka kidogo tu, zinajulikana ukiziweka pamoja. Bi harusi hajalalamika lakini.