Tupeane uzoefu: mayonezi ya nyumbani isiyokatika

Chipsi Kirumba: Wakuu wa Mwanza, nauza chipsi na sato jioni. Mayonezi ya dukani inakula faida, kwa hiyo napiga mwenyewe kwenye blenda. Kuna siku inatoka nzito safi, kuna siku mafuta yanaelea juu na chini vinabaki vipunje vya yai. Wenzangu mnafanyaje?

Binti Igoma: Dada, hayo mayai ni ya friji. Yakishika joto la jikoni haikatiki kamwe. Halafu piga upande mmoja tu.

Jiko la Ziwa: Joto la yai linasaidia, ila upande hauna neno. Kinachokata ni haraka ya mafuta. Piga kwanza kiini kimoja na kijiko cha chai cha siki au limao, haradali kidogo na chumvi. Mafuta yaanze tone kwa tone mpaka rangi ipauke na iwe nzito, ndipo umimine uzi mwembamba. Kiini kimoja usikipe zaidi ya kikombe kimoja cha mafuta. Ukiona imekuwa nzito mno na pembeni inang'aa mafuta, maji yamepungua. Tia kijiko cha maji ndipo uendelee. Kwenye blenda ya jagi kiini kimoja kinalala chini ya visu, bora yai zima.

Iliyokatika usitupe. Weka kiini kipya kwenye bakuli safi, urudishe ile mbovu kidogo kidogo kama vile ndiyo mafuta.

Mrembo Nyegezi: Mimi ikikatika napaka nywele hivyo hivyo, nusu saa naosha. Zinalainika balaa.

Chipsi Kirumba: 😂 Shoga, wateja wangu wanaila.

Mkulima wa Magu: Yangu mezani haina shida, ikilala friji ndiyo inaachia mafuta. Natumia mafuta ya pamba ya kukamua huku kwetu.

Jiko la Ziwa: Hapo mkono wako hauna kosa mkuu. Mafuta yenyewe yanaganda kwa baridi, chembe zake zinatoboa ule mshikamano. Laza chupa ya mafuta peke yake frijini usiku kucha. Asubuhi yakiwa na ukungu au yameganda, hayo kaangia samaki. Mawese ndiyo usijaribu kabisa. Alizeti iliyosafishwa kwa kawaida hubaki nyepesi, ila friza nayo huikata mayonezi.

Binti Igoma: Na umeme ukikatika? Si limao linaua vijidudu?

Jiko la Ziwa: Limao la kijiko kimoja halitoshi kukuaminisha yai bichi. Ikikaa nje zaidi ya masaa mawili mimi namwaga, na wajawazito na watoto siwapi.

Chipsi Kirumba: Masaa mawili? Mimi meza naifungua saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku!

Binti Igoma: Toa kidogo kidogo, nyingine ikae kwenye kasha la barafu.

Mkulima wa Magu: Au uhamie mtindi na kitunguu saumu. Ila wangu ukigusa kachumbari tu unakuwa maji, sijui wenzangu mnaubanaje.