Nimetawanya hisa lakini zote zimezama siku moja, nifanyeje?

Kipepeo_Msa: Wakuu naombeni ushauri, tangu Ijumaa usingizi sina. Niliambiwa nitawanye pesa nikatawanya, Safaricom, Equity, KCB, EABL na bitcoin kidogo, jumla laki nne. Sasa Ijumaa tarehe 13 Machi 2020 corona imethibitishwa Kenya, NSE 20 ya soko la hisa la Nairobi ikashuka zaidi ya asilimia 5 mpaka biashara ikasimamishwa, na bitcoin ilishaanguka Alhamisi. Simu, benki na bia zinahusianaje jamani? Niuze?

Mzee_Kobe: Ndo maana mimi nanunua ng'ombe.

Bi_Hesabu: Ng'ombe nao ukame ukija wanakufa pamoja mzee wangu. Kipepeo, usiangalie kampuni inauza nini, angalia hisa zake ziko mikononi mwa nani. Hizo nne ndizo wawekezaji wa nje wanazipenda, na wakiogopa wanataka dola, kwa hiyo wanauza kile chenye wanunuzi, sio kile kibaya. Siku za kawaida benki inafuata mikopo na EABL inafuata bia, siku ya hofu zote zinafuata muuzaji mmoja. Ripoti ya soko ya kila siku inaonyesha hao wa nje wameuza kiasi gani, anza hapo.

DonPesa: Nunua dhahabu, haishuki wakati wa msukosuko.

Bi_Hesabu: Wiki hii imeshuka pia mdogo wangu. Mwenye deni anauza hata dhahabu apate keshi. Mara nyingi inarudi mbele ya hisa, ila sio kwenye wiki yenyewe.

Shangazi_Tumu: Mimi 2008 nilinunua IPO ya Safaricom kwa shilingi 5, ikaja kushuka chini ya 3, nikakaa nazo mpaka leo na sijutii. Kijana tulia.

Bi_Hesabu: Shangazi, ulikaa kwa sababu hukuwa unadaiwa. Kipepeo, hiyo pesa ni yako?

Kipepeo_Msa: Mkopo wa sacco. Lakini riba nafuu, kila mtu anafanya hivyo! Nakatwa 15,000 kwa mwezi na kazini tumeambiwa huenda tukapunguzwa. Na nishauza zote Ijumaa jioni.

Kasuku77: Chai hii! Soko linafungwa saa tisa, jioni umemuuzia nani? Akaunti mpya, kesho utatuletea kozi ya forex.

Kipepeo_Msa: Kozi gani bwana! Nimetuma oda kwenye app, itaingia Jumatatu asubuhi.

Bi_Hesabu: Chai au sio chai, yuko mwenye shida kama hii anasoma. Futa oda ya zote. Uza za 90,000 tu, hayo ni makato ya miezi sita, 45,000 weka money market fund na 45,000 akaunti ya kawaida. Hapo hata hisa zikishuka tena hakuna anayekulazimisha kuuza kwa bei ya kutupa. Na usikimbilie bondi ndefu, sio kinga ya uhakika, 2008 za Marekani zilipanda hisa zikianguka, ila riba ikipanda nazo bei inashuka.

Kipepeo_Msa: Na Jumatatu zikirudi juu je? Si nitakuwa nimeuza chini?

Bi_Hesabu: Zile nyingine zote si bado unazo?

DonPesa: Na bitcoin?

Mzee_Kobe: Ng'ombe.