Mrejesho: barua kwa fundi wa viyoyozi, Unguja

Niliuliza: "Muuzaji hajatuma nyaraka za kodi na malipo yamesimama. Nimwandikieje bila kumuudhi?"

Assalaam alaykum. Ahsanteni, ushauri umefanya kazi. Kwenye rasimu yangu nilifuta ile sentensi ya "tuma nyaraka zote za kodi", maana ilimwachia fundi kazi ya kubahatisha. Barua mpya ilisomeka hivi:

"Ndugu, ankara yako ya shilingi 1,840,000 ya matengenezo ya viyoyozi tumeipokea, na kazi imethibitishwa. Nakala ya TIN tunayo. Kimebaki kitu kimoja: risiti ya kielektroniki ya ZRA yenye jina la kampuni yetu na kiasi hichohicho. Ikifika kabla ya Jumatano saa sita mchana, itaingia kwenye malipo ya Alhamisi. Ikichelewa, itasubiri wiki inayofuata."

Sentensi ya "tumeipokea" ndiyo iliyomtuliza. Alidhani tunaikataa kazi yake. Alipiga simu, kisha akaleta risiti, lakini ilitoka kwa jina la msimamizi wetu. Mkaguzi angeihoji, nikamwomba airekebishe. Amelipwa. Sasa jina kamili la mnunuzi naliandika tangu kwenye oda ya ununuzi, kabla kazi haijaanza.