Grafu ya Q-Q ya uzito wa vibua: kwenye R inapinda juu, kwenye SPSS inapinda chini. Naomba ushauri

BintiKigamboni

Habari za jioni wanajamvi. Naomba mnisaidie, maana nimezunguka na hili jambo wiki nzima.

Nafanya utafiti wa shahada ya kwanza juu ya vibua wanaouzwa soko la Feri. Nataka kulinganisha uzito wa vibua wa msimu wa kusi na wa kaskazi kwa jaribio la t, na msimamizi wangu ameniambia nioneshe kwanza kama data zinafuata mgawanyo wa kawaida. Nimeanza na kapu moja la kusi, samaki 20, nimewapima mwenyewe kwa mizani ya dijitali. Uzito kwa gramu, kuanzia mdogo:

92, 95, 97, 101, 104, 106, 110, 113, 118, 121, 126, 131, 136, 143, 150, 159, 170, 186, 198, 224

Kwenye R nimechora `qqnorm(uzito)` na `qqline(uzito)`. Nukta zinakaa kama bakuli: ncha zote mbili ziko juu ya mstari, katikati zimezama kidogo. Msimamizi akachora data hizohizo kwenye SPSS, yake ikatoka kama bakuli lililofunikwa, ncha zote chini ya mstari. Yeye anasema data zina mkia mrefu upande wa kushoto, mimi kwenye somo tulifundishwa bakuli ni mkia wa kulia. Nimehakikisha namba ni zilezile. Nani yuko sahihi?

Mtaalamu_Tandika

Dada, hizo grafu zinakuchosha bure. Fanya jaribio la Shapiro, angalia p. Ikizidi 0.05 data ni za kawaida, unaendelea na t yako. Ikiwa chini, nenda Mann-Whitney. Grafu kila mtu anaiona kivyake, p haina ubishi.

Mwl_Takwimu

BintiKigamboni, wote wawili mnaangalia picha moja, ila mmoja wenu ameilaza. R inaweka gramu zako kwenye mhimili wa wima, na namba zinazotarajiwa kwenye mgawanyo wa kawaida inaziweka kwenye mlalo. SPSS inafanya kinyume: "Observed Value" iko chini kwenye mlalo, "Expected Normal" iko wima. Mihimili ikibadilishana nafasi, bakuli linageuka. Kwa hiyo anayekariri "bakuli ni mkia wa kulia" bila kusoma kilichoandikwa kwenye mihimili atakosea siku akibadilisha programu. Mwambie msimamizi kwa adabu aangalie mihimili, ataona mwenyewe.

Mimi huwafundisha wanafunzi wangu waache maumbo kabisa, wamwulize samaki. Nenda ncha ya kushoto ya grafu yako ya R. Mstari wa `qqline` unapita kwenye robo ya kwanza na robo ya tatu ya data, kwako ni 105.5 na 152.25. Ukiurefusha mpaka kwa samaki mdogo kuliko wote, unafika kwenye gramu 61 hivi. Maana yake, kama kapu lako lingeendelea kupungua kikawaida kama linavyopungua katikati, samaki wa mwisho angekuwa na gramu 61. Wewe una 92. Ni mzito kuliko alivyotarajiwa, kwa hiyo mkia wa chini ni mfupi: samaki wamesongamana, hawajashuka.

Sasa nenda ncha ya pili. Mstari unasema gramu 197, wewe una 224. Huyu naye ni mzito kuliko alivyotarajiwa, kwa hiyo mkia wa juu umerefuka. Mkia wa chini mfupi, wa juu mrefu: data zimevutwa kulia. Hata wastani unakuambia, ni 134 wakati namba yako ya katikati ni 123.5. Swali hilohilo, "huyu wa pembeni ni mzito au mwepesi kuliko mstari unavyosema?", ukiliuliza kwenye grafu ya SPSS utapata jibu lilelile.

@Mtaalamu_Tandika, Shapiro si mbaya, ila kwa samaki 20 inaweza kupitisha data zilizopinda kweli, na kwa samaki 2,000 itakataa kupinda kudogo kusikodhuru kitu. Na p haikuambii tatizo liko ncha ipi. Hapa kujua ni ncha ipi ndiyo kazi yenyewe.

Nesi_Mbagala

Samahani kuingilia. Mimi yangu haikuwa bakuli, ilikuwa ngazi. Nilikuwa na uzito wa watoto kliniki, nikachora, nukta zikatoka vidaraja vidaraja, kila kidaraja kimelala halafu kinaruka. Nilidhani nimeharibu faili. Je, na hiyo ni mkia?

Mwl_Takwimu

Hapana dada, hiyo ni mizani. Wapimaji wakikadiria kwenye nusu kilo iliyo karibu, watoto wengi wanapata namba moja, na nukta zao zinakaa kwenye mstari mmoja uliolala. Pitisha jicho katikati ya vidaraja. Kama ngazi nzima inapanda kwa kunyooka, umbo la data halina shida, kilichopungua ni ukali wa kipimo. Ya BintiKigamboni haina hilo, mizani yake inasoma gramu moja moja.

Mtaalamu_Tandika

Mwalimu nimekuelewa kuhusu Shapiro. Lakini samaki 20 ni wachache, hata data za kawaida kabisa si zinaweza kupinda kwa bahati tu? Tunajuaje hili bakuli si la bahati?

Mwl_Takwimu

Hapo umeuliza swali lenyewe. Nukta za pembeni huyumba sana kuliko za katikati, hata pale mgawanyo unapokuwa wa kawaida kweli. Macho lazima yazoezwe, na R inaweza kuyazoeza kwa dakika mbili:

```r
par(mfrow = c(3, 3))
for (k in 1:9) {
  z <- rnorm(20, 134, 37)
  qqnorm(z); qqline(z)
}
```

Hizo ni makapu tisa ya kubuni, samaki 20 kila moja, wastani na mkengeuko sanifu kama wa kwako, na yote ni ya kawaida kwa hakika. Angalia jinsi ncha zinavyotangatanga. Kisha chomeka grafu yako katikati yao, mwite mtu asiyejua ipi ni ipi, umwambie achague isiyofanana na wenzake. Akishindwa, huna ushahidi wa kutosha kusema data zako si za kawaida. Akiichagua mara moja, lichukulie bakuli lako kwa uzito.

BintiKigamboni

Shikamoo mwalimu, nimefanya. Nimechora mara tatu, makapu 27 ya kubuni. Nilishangaa, mengine ncha moja imepaa, mengine yamejikunja kama herufi S, na moja ncha zote mbili zilikuwa juu kidogo. Kumbe nilikuwa nategemea nukta zilale juu ya mstari kama shanga kwenye uzi, jambo ambalo halitokei. Lakini ninayekaa naye chumba nilipomwonesha picha yenye yangu ndani, aliinyooshea kidole palepale.

Sasa nifanyeje? Niende Mann-Whitney?

Mwl_Takwimu

Marahaba. Usikimbilie huko kwanza. Fikiria uzito wa samaki unatoka wapi. Kibua akirefuka kwa asilimia 10, anaongezeka pia unene na upana kwa kiasi hicho, uzito unapanda kwa takriban theluthi. Kwa hiyo hata kama urefu umetawanyika kikawaida, uzito utavutwa kulia wenyewe. Dawa yake ni logi. Chora `qqnorm(log(uzito))` na mstari wake, uone.

BintiKigamboni

Nimechora. Ncha ya juu imeshuka karibu na mstari. Nimerudisha kwenye gramu nikapata mstari unasema 216, samaki wangu 224, tofauti ndogo. Ila ncha ya chini bado imelala. Mstari unasema 74, yangu ni 92, na wale watatu wa mwanzo wako karibu bapa. Mwenzangu safari hii alitaja kapu mbili za kubuni kabla ya kuifikia yangu.

MchuuziFeri

Mie mambo ya logi siyajui ila vibua navijua, naviuza mwaka wa kumi na mbili. Dada, hilo kapu ulilinunua mnadani au kwa mchuuzi? Maana kabla kapu halijakufikia wewe, vile vidogo vimeshatolewa. Vinapangwa mafungu yake, mama lishe na wakaanga samaki wanavichukua asubuhi hiyohiyo. Kapu la "wakubwa" halina kibua cha gramu 70 hata ukitafuta na taa. Na kabla ya hapo wavu wenyewe una macho yake, kidogo kinapita.

Mwl_Takwimu

Kaka, umemaliza kazi ambayo mimi nisingeweza kuimaliza hata nikichora grafu mia. Logi imenyoosha upinde unaotokana na maumbile ya samaki. Kilichobaki chini ni alama ya kisu: mgawanyo umekatwa upande mmoja, ndiyo maana nukta zinaanza bapa badala ya kushuka. Mkato wa namna hii hakuna logi inayoutibu, kwa sababu wale samaki hawamo kwenye kapu.

BintiKigamboni, ulinunua wapi?

BintiKigamboni

Kwa mchuuzi. Na niliomba kabisa "wakubwa kidogo" kwa sababu nilitaka kuwala baadaye. Sikujua kama hilo litaonekana kwenye grafu.

Mtaalamu_Tandika

Lakini kama makapu ya kusi na kaskazi yote yamechambuliwa kwa namna moja, si ulinganisho unabaki wa haki? Mkato uleule pande zote.

Mwl_Takwimu

Ungebaki wa haki kwa swali la "samaki wanaouzwa kama wakubwa". Kwa swali la samaki wanaovuliwa, sina uhakika hata kidogo. Kama msimu mmoja una vidogo wengi zaidi, uchambuzi ndio utakaoificha tofauti anayoitafuta. Hilo aamue na msimamizi wake, linategemea kichwa cha utafiti kimeandikwaje. Na kumbuka kila msimu uchorewe grafu yake. Ukiunganisha makapu mawili yenye wastani tofauti, grafu inaweza kupinda hata kama kila kapu peke yake limenyooka.

MchuuziFeri

Njoo mnadani alfajiri, kabla ya kuchambuliwa. Utachota kutoka kwenye ndoo ya chombo kimoja, bila kuchagua. Dalali ukimweleza ni ya shule hakatai.

BintiKigamboni

Asante sana kaka. Jumamosi navuka na pantoni ya kwanza, na mizani nakuja nayo. Msimamizi nimemtumia picha ya mihimili leo mchana, amejibu "sawa, nimeona", ila kuhusu kuanza kupima upya kusi nzima bado hajasema neno.