Ofa ya Ramadhani "imepandisha mauzo asilimia 50"? Acheni kuufanya mfungo wa watu kuwa kazi yenu!

Mizani_Ngamiani (mleta uzi)

Wakuu, naandika nikiwa nimeudhika. Kila mwaka Idi ikishapita, watu wa masoko na wakala wao wa matangazo wanaleta ukurasa uleule: nguzo fupi imeandikwa Februari, nguzo ndefu imeandikwa Machi, katikati mshale wa kijani. "Ofa imeongeza mauzo kwa asilimia 50." Bosi anapiga makofi, bonasi zinatoka, wakala anasaini mkataba wa mwaka mwingine. Hakuna anayeuliza huo mwezi wa Machi ulikuwa na nini ndani yake.

Kesi yenyewe ni unga wa ngano, mfuko wa kilo 25, mauzo ya jumla mkoa wa Tanga. Ofa: nunua mifuko 20, chukua mmoja bure, kuanzia tarehe 2 hadi 29 Machi 2025. Namba nimezigeuza ili kampuni isijulikane, ila uwiano ni uleule. Kabla ya ofa ilikuwa mifuko 1,000 kwa wiki. Ndani ya ofa ikawa 1,500. Basi wamepiga hesabu ya mtoto wa darasa la nne na wamemaliza: ongezeko 500 kwa wiki, wiki nne, mifuko 2,000 "imeletwa na ofa".

Jamani, tarehe 2 Machi 2025 ndiyo siku mfungo ulipoanza hapa kwetu! Kuna mji wa pwani ambao mauzo ya ngano hayapandi Ramadhani? Chapati, sambusa, kaimati na mikate ya futari vinapikwa na nani, na kwa unga gani? Ofa imewekwa juu ya mwezi mtukufu siku kwa siku, halafu mwezi wote unaandikwa kwa jina la ofa.

Nilipohoji nikajibiwa, "Sawa, basi linganisha na Machi ya mwaka jana." Nayo ni uongo wa pili, wa kisomi zaidi. Mwaka 2024 mfungo ulianza tarehe 12 Machi, kwa hiyo Machi ile ilikuwa na siku 20 tu za Ramadhani, na siku 11 za kawaida. Machi 2025 karibu yote ni mfungo. Mwezi wa Kiislamu unarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka katika kalenda ya ukutani, sasa unalinganishaje Machi na Machi?

Mama_Kaunta

Mleta uzi umenena. Hapa kwangu nauza madaftari na sare za shule. Nikitoa punguzo Januari natoka vizuri sana. Naomba ushauri: nitoe punguzo la asilimia ngapi Januari ijayo?

Mizani_Ngamiani

Dada, hujanielewa. Januari shule zinafunguliwa, mzazi atanunua daftari hata usipompunguzia shilingi. Swali lako la kwanza liwe: Januari ambayo hukutoa punguzo uliuza kiasi gani?

Mama_Kaunta

Kila Januari natoa.

Hesabu_za_Godauni

Basi dada hapo huna cha kulinganisha, na kampuni nyingi ziko hivyohivyo. Ofa ikiwekwa kila msimu miaka yote, msimu na ofa vinashikana hadi havitenganishiki tena. Mwaka mmoja inabidi uache, au uache kwa nusu ya bidhaa: punguza kwenye sare, madaftari uyaache bei yake.

Nirudi kwa mleta uzi. Kesi yako inapimika, ikiwa 2024 Tanga haikuwa na ofa. Usipange kwa miezi, panga kwa wiki ukihesabu kutoka siku ya kwanza ya mfungo. Wiki nne za mfungo 2025 ni 2 hadi 29 Machi. Za 2024 ni 12 Machi hadi 8 Aprili. Hapo unalinganisha wiki ya kwanza ya mfungo na wiki ya kwanza ya mfungo. Waliofunga siku moja mapema hawakuvurugii kitu ukihesabu kwa wiki.

Jambo ambalo watu wengi hulikosa ni wiki mbili za mwisho za Shaabani. Wenye maduka wanajaza stoo kabla ya mfungo, kwa hiyo mauzo ya jumla yanaanza kupanda mapema. Wiki hizo zitoe kwenye kipimo cha "kawaida". Kwa 2025 kawaida yako iwe 19 Januari hadi 15 Februari. Kwa 2024 iwe 30 Januari hadi 26 Februari. Wiki nne kamili kila upande, ili kila siku ya juma ihesabiwe mara sawa. Ukishapata wastani, weka hapa.

Mizani_Ngamiani

Nimezitoa kwenye daftari la godauni. Mwaka 2024, bila ofa: kawaida 800 kwa wiki, mfungo 1,120. Mwaka 2025: kawaida 1,000 kwa wiki, mfungo na ofa 1,500.

Hesabu_za_Godauni

Umeona sasa. Mwaka 2024 mfungo peke yake uliinua mauzo kutoka 800 hadi 1,120, yaani mara 1.4. Kawaida ya 2025 ni 1,000. Ukiizidisha kwa 1.4 unapata 1,400 kwa wiki, na hiyo ndiyo ingeuzwa bila ofa. Mliuza 1,500. Cha ofa ni 100 kwa wiki, mifuko 400 kwa wiki nne. Si 2,000. Ofa imeongeza kama asilimia 7 juu ya kile ambacho kingeuzwa hata hivyo.

Sasa pesa. Nichukulie mfuko unauzwa 41,000 na unawagharimu 36,000, faida 5,000. Weka bei zako mwenyewe. Mifuko 6,000 imetoka. Tuseme 4,800 ilinunuliwa kwa mafungu ya 20, basi mmetoa bure mifuko 240, yaani gharama ya shilingi 8,640,000. Kwa hesabu ya wakala, 2,000 mara 5,000 ni milioni 10, ofa imelipa. Kwa hesabu ya msimu, 400 mara 5,000 ni milioni 2. Mmepoteza zaidi ya milioni 6, na hapo redio na fulana sijazigusa. Mifuko mingi ya bure imekwenda kwa watu ambao wangenunua bei kamili.

Mtoto_wa_Uhasibu

Swali dogo. Hiyo 6,000 ni iliyolipiwa, au ni iliyotoka godauni? Maana kama daftari ni la godauni, mifuko ya bure nayo imetoka mlangoni.

Hesabu_za_Godauni

Swali dogo lakini linauma. Kama 240 za bure zimo, zilizouzwa kweli ni 5,760, na matarajio ni 5,600. Zinabaki 160. Mleta uzi, chukua ankara, acha daftari la godauni.

Soko_Huria

Mnajichosha na hesabu za mwaka jana. Njia nyepesi: linganisha na mkoa usio na ofa. Mbeya haikuwekewa. Mbeya ilipanda asilimia 10, Tanga 50. Toa 10 kwenye 50, ofa ni 40. Kwisha.

Hesabu_za_Godauni

Wazo la mkoa usio na ofa ni zuri, mkoa uliouchagua ndio mbovu. Mbeya mfungo hauwagusi wanunuzi kwa kiasi kile cha Tanga, kwa hiyo 10 yako haisemi Tanga ingepanda kiasi gani. Kabla ya kuutumia mkoa wowote kama mfano, rudi mwaka ambao kote hakukuwa na ofa: je, ilipanda kwa kiwango kimoja? Isipopanda pamoja 2024, haiwezi kushuhudiana 2025.

Mizani_Ngamiani

Nimeangalia. Mwaka 2024 Mbeya ilipanda asilimia 8, Tanga 40. Lindi ilipanda 38, nayo haikuwa na ofa miaka yote miwili. Mwaka 2025 Lindi ikapanda 41.

Hesabu_za_Godauni

Lindi ndiyo shahidi wako. Tanga ingefuata Lindi, ingefika 1,410 hivi kwa wiki, nyie mkafika 1,500. Inakuja mifuko 90 kwa wiki, karibu na ile 100 ya njia ya kwanza. Njia mbili zisizotegemeana zikikaribiana hivyo, mtu wa masoko hana pa kukimbilia.

Soko_Huria

Sawa, Mbeya nimeiacha. Ila mwaka mmoja wa nyuma hautoshi. Je, 2024 mfungo ulikuwa wa kawaida kweli? Pasaka iliangukia 31 Machi, katikati ya mfungo. Mwaka 2025 Pasaka ilikuwa 20 Aprili, nje kabisa.

Hesabu_za_Godauni

Hapo umenishika, na ni hoja ya kweli. Ile mara 1.4 huenda ina Pasaka ndani yake, basi mfungo mtupu ungekuwa chini kidogo, na ofa ingestahili zaidi ya 100. Ndiyo maana sipeleki namba moja kwa bosi. Leta namba za 2022 na 2023 pia, upate viwango viwili vingine. Kimoja kikisema 1.35, ofa ni 150 kwa wiki, kikisema 1.48, ofa ni 20, ambayo ni kama hakuna kitu. Andika "kati ya 20 na 150". Kwa bei zile za juu, hata 150 haifuti gharama ya mifuko ya bure. Ila 500 haitokei kwa njia yoyote.

Na bado kuna baada ya Idi. Angalia wiki mbili, 1 hadi 14 Aprili 2025, usivuke hapo Pasaka isije ikaingia. Za 2024 ni 11 hadi 24 Aprili.

Mizani_Ngamiani

2024: wastani 760 kwa wiki. 2025: 780.

Hesabu_za_Godauni

Mwaka 2024 ilirudi kwenye asilimia 95 ya kawaida. Kwa 2025 ilipaswa iwe 950, imekuwa 780. Pungufu 170 kwa wiki, 340 kwa wiki mbili. Maana yake wafanyabiashara walijaza stoo wiki ya mwisho ya ofa wapate mfuko wa bure, kisha Aprili wakakaa kimya wakiuza walichonacho. Toa 340 kwenye 400.

Baharia_Mkoani

Nyie wa bara mmesahau bahari. Tanga na Pemba ni pua na mdomo. Unga wa ofa wa Tanga ulivuka. Mnajua mauzo ya kampuni hiyohiyo Pemba yalikuwaje mwezi huo?

Mizani_Ngamiani

Pemba yalishuka kutoka 300 hadi 270 kwa wiki kwenye mfungo, wakati 2024 yalipanda. Mtu wa masoko anasema ni "hali ya hewa na usafiri".

Baharia_Mkoani

Usafiri ulikuwepo, ndio uliobeba huo unga wenu.

Hesabu_za_Godauni

Kuthibitisha hilo kunahitaji ankara za wanunuzi wakubwa wa Tanga, uone nani ghafla amechukua mara tatu ya kawaida yake. Kwa namba hizi peke yake siwezi kuapa. Mleta uzi, unaweza kuzipata?

Mizani_Ngamiani

Nimeziomba. Wanasema mfumo hautoi ripoti kwa mteja, unatoa kwa mkoa tu. Wiki ijayo wanasaini ofa ya mwakani, tena juu ya mfungo siku kwa siku.