Picha za mahudhurio ya vibarua: kuchapa mwenyewe, programu ya kusoma picha, au watu wawili?

Tumaini_K
Wadau, naomba ushauri. Wasimamizi wananitumia kwa WhatsApp picha za karatasi za mahudhurio na vikaratasi vya ovataimu, vyote vimeandikwa kwa mkono. Kila mwisho wa wiki natakiwa kutoa saa na malipo ya kila kibarua. Nimewaza njia tatu: nichape mwenyewe kwenye Excel, nitumie programu ya simu inayosoma maandishi kwenye picha, au watu wawili wachape kila mmoja peke yake kisha tulinganishe. Ipi italinda zaidi pesa ya mtu?

Kalamu_Nyekundu
Programu. Fomu zetu inazisoma vizuri na kazi inaisha mapema. Waambie tu wasimamizi watume kupitia Document, maana picha ikitumwa kwa njia ya kawaida WhatsApp inaibana, tarakimu nyembamba zinafifia.

Mzee_wa_Mishahara
Hilo la Document nakubaliana nalo. Ila nahisi fomu zenu zimepigwa chapa. Kwenye mwandiko wa penseli, 1 inageuka 7, na zile alama mbili za kuonyesha "kama hapo juu" zinasomwa 11 au zinarukwa. Na 11 ni saa inayowezekana, kwa hiyo jicho linapita bila kushtuka.

Tumaini, njia ya watu wawili inakamata makosa ya kuchapa. Kosa la kuelewa karatasi haikamati, kwa sababu wote wawili watalielewa vibaya vilevile. Chukua kibarua aliyeingia 07:00 akatoka 19:30, mapumziko dakika 60. Kikaratasi chake cha ovataimu kinasema 16:00 hadi 19:30. Alifanya kazi saa 11.5, na zile 3.5 za kikaratasi zimo ndani yake tayari. Tuseme analipwa 100 kwa saa, na ovataimu mmekubaliana mara moja na nusu. Saa 8 za kawaida ni 800, ovataimu 3.5 kwa 150 ni 525, jumla 1,325. Anayezilipa zote 11.5 kama saa za kawaida kisha akaongeza kikaratasi anafika 1,675. Na anayechapa 3.30 badala ya 3.5, kwa kuwa ni saa tatu na dakika thelathini, anampunja kibarua 30 kwenye ovataimu hiyo moja.

Mimi huchapa vitu vinne: kuingia (B), kutoka (C), dakika za mapumziko (D), na jumla ambayo msimamizi aliiandika mwenyewe kwenye karatasi (E), nikiigeuza kuwa desimali. F inakokotoa, G inalinganisha:

```
F2: =MOD(C2-B2,1)*24-D2/60
G2: =IF(ABS(F2-E2)>0.01,"ANGALIA","")
```

MOD ni kwa ajili ya zamu ya usiku. Mtu akiingia 22:00 akatoka 06:00, kutoa kwa kawaida kunaleta hasi.

Shifti_ya_Usiku
MOD hiyohiyo inaficha kosa, mkuu. Ukichapa kuingia mahali pa kutoka, 16:00 kisha 07:00, inakupa saa 15 bila kulalamika.

Mzee_wa_Mishahara
Kweli kabisa. Ndiyo maana E siiachi wazi hata siku moja. Karatasi isiyo na jumla nairudisha kwa msimamizi aijaze.

Binti_Daftari
Kwetu shida kubwa ni saa zenyewe. Huyu anaandika saa 1 asubuhi hadi saa 1:30 usiku, mwenzake anaandika 07:00 hadi 19:30. Ukichapa 1:00 na 1:30 kama zilivyo, siku nzima inakuwa nusu saa. Sasa naandika zote kwa mfumo wa saa 24 pembeni ya karatasi kabla sijagusa Excel.

Fundi_Mitambo
Kwa nini msiweke mashine ya alama za vidole? Sisi tulimaliza mambo ya karatasi.

Tumaini_K
Ndugu, vibarua wangu wanahama eneo kila baada ya siku chache, na karatasi za wiki hii zimeshaandikwa. Nataka kujua za sasa nazifanyaje.

Swali jingine: kikaratasi kinasema ovataimu iliisha 19:30, karatasi ya mahudhurio inasema alitoka 18:45. Nifuate ipi?

Kalamu_Nyekundu
Yenye sahihi ya msimamizi.

Shifti_ya_Usiku
Na zikiwa na sahihi zote mbili? Mimi nalipa hadi 18:45, zile dakika 45 naziweka safu ya "inasubiri", namwita msimamizi na kibarua wote pamoja.

Binti_Daftari
Hapo mimi sikubali. Kibarua huenda wiki ijayo hayupo tena, na pesa inayosubiri haimfikii. Nalipa 19:30, halafu namdai msimamizi maelezo.

Mzee_wa_Mishahara
Kwangu inategemea nani aliandika karatasi ipi, na saa ngapi. Kikaratasi kilichojazwa kabla ya ovataimu kuanza ni makadirio ya msimamizi. Tumaini, hicho chako kilijazwa lini?

Tumaini_K
Picha haionyeshi. Nampigia sasa hivi.